Pa kuweka maneno kwenye picha ya bango

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha, kazi zangu nyingi ni za watu na bidhaa. Juzi nilimpiga msichana aliyevaa begi la mgongoni kwa ajili ya tangazo la bango la barabarani. Mteja aliipenda picha, ila dizaina akarudi akisema hana pa kuweka maneno wala nembo. Mwishowe kauli ikakaa juu ya nywele za msichana na nembo ikabanwa kwenye begi. Mimi nilijua nimeacha nafasi, maana juu ya kichwa kulikuwa na ukuta mtupu. Nilikosea wapi, na safari nyingine nifanyeje?*

Marahaba. Huo ukuta mtupu wa juu ya kichwa ndio uliokuponza. Kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2, ilhali mabango ya barabarani hulala zaidi: yapo ya 2 kwa 1, ya 3 kwa 1, hata ya 4 kwa 1. Dizaina anapoitandaza picha yako ijaze upana wa bango, kinachokatwa ni juu na chini. Nafasi uliyoiacha ilikuwa juu, ikaenda na mkasi. Pembeni, ambako mkasi haufiki, hukuacha kitu kwa sababu msichana alijaza fremu.

Tuchukue bango la mita 12 kwa mita 4, yaani 3 kwa 1, na kamera ya megapikseli 24 inayotoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Upana wote wa pikseli 6000 unatumika, lakini kwenda juu zinatakiwa 2000 tu. Nusu ya picha inatupwa. Wewe kwenye kioo cha kamera uliona picha nzima, ukaipanga nzima, ukairidhia nzima. Bango lilikuwa linaona ukanda mmoja tu wa katikati. Kwa hiyo kabla hujafikiria mwanga, pozi au lenzi, lazima uuone ukanda huo kwa macho, na ndani yake uone maneno yanakaa wapi.

Na maneno yana ukubwa wake. Hapa ndipo wapiga picha wengi tunapokosea, maana tunaacha "nafasi kidogo" kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nafasi ya maneno hupimwa. Kuna kanuni ya zamani kwenye kazi ya mabango: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila kuhangaika. Ukitaka kauli isomeke vizuri mtu akiwa mita 100 kutoka kwenye bango, unahitaji herufi za sentimita 80 na ushee. Mwandiko mdogo kuliko huo bado waweza kusomeka, lakini kwa kukaza macho, na dereva hana muda huo. Akiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa anapita mita 22 kila sekunde. Mita 100 zinamwishia kwa sekunde nne na nusu.

Sasa tuibadilishe hiyo herufi iwe upana. Kwenye mwandiko mnene na wa kawaida, usiobanwa wala kutanuliwa, kila herufi pamoja na pengo lake hula wastani wa robo tatu ya kimo cha herufi kubwa. Kwa kimo cha sentimita 80, hiyo ni sentimita 60 kwa kila herufi, na nafasi kati ya neno na neno ihesabu kama herufi moja. Tuseme mteja wa begi lako anataka kauli iseme "Mzigo mzito, mgongo mwepesi". Ni kauli tamu kwa sikio. Ukiigawa mistari miwili, mstari wa pili, "mgongo mwepesi", una herufi 14 pamoja na pengo la katikati. Mara sentimita 60, unapata mita 8.4. Kwenye bango la mita 12, zinabaki mita 3.6 za msichana, begi na kingo zote mbili. Haikai.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza herufi hadi sentimita 55. Mstari unashuka kuwa chini kidogo ya mita 6, lakini usomaji mwepesi unaanza mita 66 badala ya 100, na dereva wetu amepoteza sekunde moja na nusu kati ya zile nne na nusu. Ya pili ni kufupisha kauli. "Beba yote, usichoke" inasema jambo lilelile, na mstari mrefu kati ya miwili ni "Beba yote," ambao ukiuhesabia na mkato una herufi 10, yaani mita 6 kamili kwa herufi za sentimita 80. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa maumbile yake, kwani kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo mchoro wa mpangilio uliobuniwa kwa kauli ya lugha nyingine usiuamini mpaka uhesabu herufi za Kiswahili. Mimi humwomba mteja kauli kabla ya siku ya kupiga, hata kama bado ni rasimu, na kama hana, namwomba aniahidi idadi ya herufi kwa mstari mrefu zaidi. Wateja hushangaa kidogo wakisikia ombi hilo, kisha huelewa nikiwaonyesha hesabu.

Tuendelee na "Beba yote, usichoke". Mistari miwili ya herufi za sentimita 80, na pengo kati yake, inachukua kama mita 2 kwenda juu. Chini yake acha sentimita 40, kisha nembo ya kimo cha sentimita 80. Jumla mita 3.2. Juu na chini acha sentimita 40 kila upande, kwa sababu turubai la bango hukunjwa kuzunguka fremu na hakuna anayetaka nembo ipinde kwenye ukingo. Zimefika mita 4, yaani kimo chote cha bango. Kwa hiyo nafasi ya maneno kwenye kazi hii ni mstatili wa mita 6 kwenda upande, unaoshika bango kutoka juu hadi chini. Ni nusu nzima ya bango. Ukijumlisha na ukingo wa pembeni, msichana wako na begi lake wanabaki na mita 5 na kitu.

Soma tena hiyo nusu nzima. Mpiga picha asiyeihesabu hukadiria robo, au theluthi akijitahidi sana.

Uzuri ni kwamba kwenye picha yetu pikseli 6000 ni mita 12, hivyo kila mita ya bango ni pikseli 500. Nafasi ya maneno ni pikseli 3000 kwa upana, na ukanda wa bango ni pikseli 2000 kwenda juu. Fungua Photoshop au programu yoyote ya aina hiyo, tengeneza faili la pikseli 6000 kwa 4000 lisilo na rangi ya nyuma, paka kijivu cheusi pikseli 1000 za juu na 1000 za chini, kisha andika kauli yenyewe kwa ukubwa wake na uweke nembo yenyewe mahali pake. Hifadhi kama PNG. Ukipiga huku kamera imeungwa na kompyuta, Lightroom Classic inakuwekea mchoro huo juu ya kila picha inayoingia, kupitia `View > Loupe Overlay > Choose Layout Image`. Capture One nayo ina kifaa chake kinachoitwa `Overlay`. Kuanzia hapo huhitaji kukisia. Msichana akisogea hatua moja kushoto, unaona kiwiko chake kimegusa herufi.

Kama huna kompyuta, chukua utepe wa karatasi na ubandike kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Kioo chenye uwiano wa 3 kwa 2 ukifunika robo ya juu na robo ya chini, kinachobaki wazi ni 3 kwa 1. Weka na kipande kidogo wima katikati kabisa: upande mmoja wa maneno, mwingine wa mtu. Angalia tu kama picha inajaza kioo chote kabla hujapima, maana vioo vingine vina uwiano tofauti na wa picha na huacha michirizi myeusi. Nimefanya kazi kubwa kwa utepe huo na sikujuta.

Sasa utaona jambo litakalokusumbua mwanzoni. Ndani ya ukanda ule unataka msichana aonekane kuanzia utosini hadi chini kidogo ya nyonga, begi lote likiwemo. Hiyo kwa uhalisia ni kama sentimita 90. Ukimpa hewa kidogo juu na chini, kimo cha ukanda kinakuwa mita 1 ya ulimwengu halisi. Basi fremu nzima ya kamera, ambayo ni mara mbili ya ukanda, inaona mita 2 kwenda juu, na mita 3 kwenda upande. Kwenye kioo utamwona msichana mpaka karibu na vifundo vya miguu, juu ya kichwa chake nusu mita ya ukuta, na kando yake ukuta mtupu wa mita moja na nusu. Jicho la mpiga picha litakuambia umesimama mbali mno, sogea. Usisogee. Utakaposogea hatua mbili ili "ajae", ndipo utakapokuwa umempiga yule msichana wa juzi.

Wengi huogopa kwamba kusimama mbali kunapoteza ubora. Kwenye bango letu pikseli moja inakuwa mraba wa milimita 2. Jicho zuri, likiwa mita 100, halitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya sentimita 3 hivi. Hata mtu akisimama mita 20 tu kutoka kwenye bango, kikomo cha jicho lake ni karibu milimita 6. Megapikseli 24 zinatosha kabisa. Kinachoumiza ni kusimama karibu halafu dizaina alazimike kuitanua picha, au kuubuni ukuta ambao hukuupiga.

Ila kusimama mbali kuna gharama moja ambayo lazima uipangie: nyuma inapanuka. Kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili, ili uone upana wa mita 3 pale aliposimama msichana unahitaji kuwa mita 7 kutoka kwake. Ukimtoa msichana ukutani mita 3, ukuta unaoonekana nyuma una upana wa mita 4.3. Karatasi ya studio iliyozoeleka ina upana wa mita 2.72. Hapo ndipo watu hugundua, siku ya kazi, kwamba karatasi imeisha na stendi zake zinaonekana katikati ya kauli. Tafuta ukuta halisi uliopakwa rangi moja, au kubali mapema kwamba karatasi itarefushwa baadaye na uhakikishe mwanga wake umetulia hadi ukingoni. Usikimbilie lenzi pana ili kuokoa nafasi ya chumba. Msichana wako hayuko katikati ya fremu, yuko kando, na lenzi pana huvuta vitu vya kando. Uso utatanuka na begi litaonekana limevimba.

Upande gani awe? Mara nyingi upande utaamuliwa na uso. Mtu tunayemwona akiangalia mahali, nasi tunaangalia huko. Msichana akiwa kulia, uso na kifua vielekee kushoto, kwenye maneno. Niliwahi kupiga mwendesha baiskeli kwa ajili ya bango, nikamweka kulia na yeye anaendesha kwenda kulia, nafasi ya maneno ikabaki nyuma yake. Kwenye kioo ilionekana nzuri, yenye mwendo. Kwenye mpangilio ilikuwa kama mtu anayeyakimbia maneno, na jicho lilitoka naye nje ya bango. Dizaina akapendekeza tuigeuze picha kama kwenye kioo, na hatukuweza: mnyororo wa baiskeli huwa kulia, na kwa kuigeuza ungehamia kushoto, jambo ambalo kila anayeendesha baiskeli angeliona papo hapo. Begi lako nalo lina lebo, zipu na maandishi. Ndiyo maana siku hizi, nikishapata picha ninayoitaka upande mmoja, namhamishia mtu upande wa pili, nahamisha taa, na kupiga upya. Ni kazi ya dakika 20, na mabango ya upande wa pili wa barabara huja kuihitaji zaidi ya ninavyotarajia.

Mpaka hapa tumezungumzia ukubwa na mahali. Lakini nafasi inaweza kuwa kubwa, ikawa mahali pake, na bado dizaina asiweze kuandika juu yake. Ukuta wa matofali ni mfano ninaoupenda kwa sababu unadanganya watu wazuri. Kwa macho ni mtupu: hakuna dirisha, hakuna mtu. Tufanye hesabu kwenye picha yetu ileile. Ukuta uko nyuma ya msichana mita 3, na upana wa mita 4.3 unakuwa pikseli 6000. Tofali lenye kimo cha sentimita 7 pamoja na udongo wake linachukua pikseli 100 hivi, na kwenye bango linakuwa na kimo cha sentimita 20. Mguu wa herufi nene yenye kimo cha sentimita 80 una unene wa kama sentimita 16. Umeona? Mistari ya tofali na mistari ya herufi zina ukubwa unaokaribiana, na jicho kwa mbali haliwezi kuamua lipi ni tofali na lipi ni herufi. Kauli inasagika.

Utaniambia utaufanya ukuta uwe na ukungu kwa kufungua lenzi. Ukiwa mita 7 kutoka kwa mtu na ukuta mita 3 nyuma yake, lenzi ya milimita 85 kwenye f/2.8 inatoa ukungu wa kama pikseli 18. Tofali la pikseli 100 litalainika kingo, lakini mistari itabaki. Ukungu mzito ulioukumbuka ulitokana na kusimama karibu na uso wa mtu, na sasa uko mbali. Ama ukuta uwe mbali sana, makumi ya mita, ama usiwe wa matofali.

Kanuni ninayoitumia ni kulinganisha ukubwa wa vitu vya nyuma na unene wa herufi. Vitu vidogo sana kuliko mguu wa herufi, kama chembe za plasta au mchanga, havisumbui. Kwa mbali vinageuka rangi moja. Vitu vikubwa kuliko neno zima, kama kivuli kipana kimoja, havisumbui sana. Vinavyolingana na herufi ndivyo adui: matofali, majani ya miti ya karibu, mbao za uzio, mawimbi madogo ya maji, umati wa watu.

Halafu kuna mwanga. Herufi nyeupe zinataka nyuma iliyo giza tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na herufi nyeusi kinyume chake. Mtego ni ukuta unaopigwa taa kutoka kando: upande wa kulia unang'aa, kushoto ni giza, na katikati kuna kijivu. Hakuna rangi ya herufi itakayosomeka kote, na dizaina ataishia kuweka kivuli au kisanduku nyuma ya maneno, ambacho kitaiua picha yako. Washie ukuta taa yake, tofauti na taa ya msichana, kisha pima sehemu tatu: mwanzo wa kauli, katikati, mwisho. Mimi nataka tofauti isizidi nusu stopu. Ikifika stopu moja, yaani upande mmoja una mwanga maradufu ya mwingine, bado panaandikika endapo sehemu yote imekaa upande mmoja wa giza au wa mwanga. Zaidi ya hapo, rekebisha taa. Nje ya studio tatizo hilihili liko angani: juu bluu nzito, karibu na upeo weupe. Mstari wa kwanza wa maneno meupe utasomeka na wa pili utapotelea. Na anga au ukuta laini kama huo uupige kwa RAW na umwambie dizaina afanye kazi kwa biti 16, aongeze chembechembe kidogo mwishoni, la sivyo mpito wa rangi utatoka kwa ngazi ngazi na kwenye turubai la mita 12 ngazi hizo zinaonekana.

Nembo isikuchukulie muda mrefu, lakini iulize mapema. Kama ina rangi zake ambazo haziruhusiwi kubadilishwa, ukuta lazima uzikubali. Nembo nyekundu kwenye ukuta wa kahawia hupotea hata kama kwenye kompyuta inaonekana, kwa sababu giza lake linalingana na la ukuta. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye skrini, nembo ikiwa juu yake. Ikiyeyuka hapo, itayeyuka na barabarani. Omba toleo la rangi moja kama lipo.

Kabla hujamruhusu msichana aondoke, mwombe atoke kwenye fremu na upige ukuta mtupu, kamera ikiwa palepale kwenye stendi, taa zilezile, fokasi ileile bila kuigusa. Kisha geuza kamera kidogo kushoto upige tena, na kulia upige tena. Picha hizo tatu hazimpendezi mtu yeyote, ila ndizo huokoa kazi pale mteja anapoongeza neno kwenye kauli, au anapotaka na bango la 4 kwa 1. Dizaina anapata ukuta halisi, wenye mwanga halisi, wa kurefushia. Kwa ile picha ya juzi, kama ukuta bado upo na unakumbuka taa zilikaaje, rudi ukaupige mtupu. Msichana anaweza kusogezwa kando na kupunguzwa ukubwa, na ukuta mpya ukajaza pengo. Itawezekana tu kama nywele zake hazijakatwa na ukingo wa fremu. Zikiwa zimekatwa, piga upya.

Kisha fanya jaribio moja siku hiyohiyo, kabla ya kuondoa taa. Bango la mita 12 likiwa umbali wa mita 100, ukubwa wake machoni ni sawa na kitu chenye upana wa sentimita 7.2 kilichoshikwa sentimita 60 kutoka usoni, yaani kwa mkono ulionyooshwa. Hesabu ni 12 × 0.6 ÷ 100. Kata ukanda wako pamoja na kauli na nembo, ichapishe kwa upana huo au ioneshe kwenye simu kwa ukubwa huo, upime kwa rula. Mpe mtu ambaye hakuwepo studio, anyooshe mkono, ahesabu hadi nne, aifunike. Muulize alisoma nini, ni tangazo la nani, na kilichouzwa ni kitu gani. Akikwama kwenye maneno, nyuma ina vurugu au mwanga haukutulia. Akisoma maneno asikumbuke nembo, nembo imekaribiana mno na begi, ipe hewa. Akikumbuka msichana tu, basi msichana bado ni mkubwa. Rudi nyuma hatua nyingine na umpige tena, maana taa bado zimesimama.